Ugwe wa Pipa Lililolazwa

Ugwe ni kamba ya upinde, na katika jiometri neno hilo limebaki na sura yake ileile: ni mstari mnyoofu unaounganisha nukta mbili zilizo kwenye mzingo wa duara. Sehemu ya mzingo iliyo kati ya nukta hizo huitwa tao, na hiyo ndiyo mti wa upinde uliopindwa. Eneo lililofungiwa kati ya mti na kamba ni kipande cha duara. Umbali kutoka katikati ya ugwe hadi katikati ya tao, pale mshale unapolala kabla haujavutwa, ni kimo cha kipande. Wanahisabati wa Kiarabu waliuona upinde huohuo: ugwe waliuita watar, kamba, na kimo wakakiita sahm, mshale.

Kipande huchanganywa mara nyingi na sekta, na chapati moja yatosha kuvitenganisha. Chapati ikikatwa kutoka katikati kwenda ukingoni mara mbili, kinachotoka ni sekta, yenye ncha katikati ya chapati. Ikikatwa mara moja tu, kisu kikipita pembeni bila kugusa katikati, kinachodondoka ni kipande. Sekta ina pande mbili nyoofu na kipande kina mmoja. Hata hivyo vyote viwili hupimwa kwa vitu vilevile viwili, nusu kipenyo cha duara na pembe ya kati, yaani pembe inayofanyika kwenye kitovu pale mistari miwili inapochorwa kutoka kitovuni hadi kwenye ncha za ugwe.

Kipande kilicho karibu zaidi na macho ya watu kimo ndani ya pipa. Huko Mitundu, kusini mwa Itigi mkoani Singida, kama ilivyo katika miji mingi midogo iliyo mbali na reli, dizeli ya mashine ya kusaga na mafuta ya alizeti huhifadhiwa kwenye mapipa ya chuma ya lita 200. Pipa likisimama halina fumbo, kwa sababu kina kikipungua nusu, mafuta nayo yamepungua nusu. Fumbo huanza pipa linapolazwa juu ya kitako cha mbao na kufungwa koki ili mafuta yachuruzike yenyewe kwenye dumu. Hapo uso wa mafuta ndani ya pipa hukata duara la pipa kwa mstari mnyoofu. Mstari huo ni ugwe, na mafuta yaliyo chini yake, ukiyatazama kutoka mbele ya pipa, ni kipande cha duara. Eneo la kipande hicho likizidishwa kwa urefu wa pipa hutoa ujazo wa mafuta, na muuzaji aliyetaka kujua zimebaki lita ngapi amepata jibu lake.

Pipa la namna hiyo lina vizibo viwili kwenye uso wake wa juu, kikubwa cha inchi 2 na kidogo cha robo tatu ya inchi, na vinakabiliana, kila kimoja karibu na ukingo wake. Mpangilio huo unasaidia sana. Pipa likilazwa kizibo kikubwa kikiwa chini, koki hufungwa hapo, na kizibo kidogo hujikuta juu, kikalegezwa ili hewa iingie. Kwa kuwa hakuna tundu ubavuni, kijiti hakiwezi kutumbukizwa kupima kina. Kulitoboa pipa lililowahi kubeba mafuta, kwa moto au kwa mashine ya kukatia yenye cheche, ni kuchezea mlipuko, maana mvuke uliobaki ndani huwaka hata kama pipa linaonekana tupu. Njia salama ni ile ya mafundi ujenzi. Mpira mwembamba mwangavu, ule wanaosawazishia misingi kwa maji, huunganishwa kwenye koki, na ncha yake ya pili huinuliwa mbele ya uso wa pipa. Koki ikifunguliwa mafuta hupanda ndani ya mpira hadi usawa uleule wa mafuta yaliyo ndani, mradi kizibo cha juu kimelegezwa. Kikiwa kimekazwa, hewa iliyobanwa ndani hudanganya, na mpira huonyesha usawa usio wa kweli.

Mahali mafuta yaliposimama hutiwa alama ya chaki, kisha mstari mlalo huchorwa kupitia alama hiyo, kutoka ukuta mmoja wa pipa hadi mwingine, kwa msaada wa pimamaji. Ugwe uliokuwa umejificha ndani sasa umechorwa nje. Kitovu cha duara hupatikana kwa kupima kipenyo cha wima na kukigawa kati. Kutoka kitovuni mistari miwili hushushwa hadi ncha za ugwe, na kipimapembe cha mwanafunzi husoma pembe iliyo kati yake, siku zote upande wa mafuta. Nusu kipenyo hupimwa mara moja tu katika maisha ya pipa. Katika hesabu zinazofuata nusu kipenyo cha ndani ni sentimita 28.5 na urefu wa ndani ni sentimita 85, vipimo vilivyo karibu sana na vya mapipa mengi ya kawaida. Pipa hilo likijaa hadi kizibo hubeba takriban lita 217. Hizo ni zaidi ya 200 zilizoandikwa, kwa sababu watengenezaji huacha nafasi ya mafuta kutanuka juani.

Urefu wa ugwe hutoka kwenye pembetatu. Mistari miwili ya kutoka kitovuni, kila mmoja ukiwa nusu kipenyo, pamoja na ugwe wenyewe, hufanya pembetatu yenye pande mbili sawa. Mstari wa wima kutoka kitovuni huigawa pembetatu hiyo katika pembetatu mbili zenye pembe mraba, na hukata pembe ya kati nusu na ugwe nusu. Katika kila mojawapo, nusu ya ugwe iko mkabala na nusu ya pembe, na upande mrefu ni nusu kipenyo. Kwa hiyo nusu ya ugwe ni nusu kipenyo mara sini ya nusu ya pembe, na ugwe mzima ni maradufu yake:

ugwe = 2 × r × sin(θ/2)

Hapa r ni nusu kipenyo, na θ ni pembe ya kati. Wengi huikariri kanuni hii bila kujua kwa nini mna 2 mbili ndani yake, moja ya kuzidisha na moja ya kugawa, na ndiyo maana mojawapo husahaulika. Historia inaeleza vizuri. Ptolemi, aliyefanya kazi Aleksandria nchini Misri katika karne ya 2, hakuwa na sini. Alikuwa na jedwali la ugwe wenyewe, lililopanda nusu digrii kwa nusu digrii hadi digrii 180, kwa duara lenye nusu kipenyo cha 60. Wahindi ndio waliotambua kwamba kwenye hesabu ugwe mzima karibu kila mara hugawanywa mbili, basi wakaamua kuandika jedwali la nusu ugwe. Aryabhata analo katika kazi yake ya mwaka 499. Neno lao la Kisanskriti, jya, maana yake pia ni kamba ya upinde. Waarabu waliliandika kwa herufi za jiba, neno lisilo na maana katika Kiarabu, na kwa kuwa irabu fupi haziandikwi, wasomaji wa baadaye walilisoma jaib, yaani mfuko au uwazi wa kifuani mwa vazi. Wafasiri wa Kilatini wakaligeuza kuwa neno lao la kifua cha vazi, na hilo ndilo mzazi wa sini. Sini, basi, ni nusu ya kamba, na ili kupata kamba nzima ni lazima kurudisha nusu iliyochukuliwa.

Eneo la kipande halipatikani moja kwa moja. Hupatikana kwa kuondoa. Kwanza hutafutwa eneo la sekta, kwa kuwa sekta ni sehemu ya duara zima kwa kadiri ya pembe yake: digrii 120 ni theluthi ya 360, basi sekta yake ni theluthi ya duara. Kisha pembetatu iliyo kati ya kitovu na ugwe hutolewa. Eneo la pembetatu hiyo ni nusu ya nusu kipenyo kipeo cha pili, mara sini ya pembe ya kati, na safari hii ni pembe nzima, haigawanywi. Kinachobaki ni kipande:

eneo = (r²/2) × (πθ/180 − sin θ)

Hiyo ni kwa pembe iliyo katika digrii. Sehemu ya πθ/180 si kitu kingine ila pembe ileile ikiwa imegeuzwa kuwa radiani, kipimo kinachohesabu pembe kwa urefu wa tao ukigawanywa kwa nusu kipenyo. Pembe ikiwa tayari katika radiani, kanuni hufupika kuwa nusu ya r kipeo cha pili mara tofauti ya pembe na sini yake. Mti wa upinde ni mrefu kuliko kamba, na tofauti kama hiyo, baina ya kilichopinda na kilichonyooka, ndiyo inayotoa eneo.

Siku moja, tuseme, chaki na kipimapembe vinaonyesha digrii 120. Nusu ya pembe ni 60, sini yake ni 0.8660, na ugwe ni 2 mara 28.5 mara 0.8660, sawa na sentimita 49.4. Huo ndio upana wa uso wa mafuta ndani ya pipa. Duara zima lina eneo la sentimita za mraba 2,552, na sekta, ikiwa theluthi, ina 851. Pembetatu ni nusu ya 812.25 mara 0.8660, yaani 352. Ikitolewa, kipande kinabaki na sentimita za mraba 499. Zikizidishwa kwa urefu wa 85 hutoa sentimita za ujazo 42,400, na kwa kuwa 1,000 kati ya hizo ni lita moja, mafuta ni lita 42.4.

Kimo cha kipande hicho ni nusu kamili ya nusu kipenyo, sentimita 14.25, kwa sababu kosini ya 60 ni nusu. Kwa maneno mengine mafuta yamefika robo ya kimo cha pipa. Mtu anayekadiria kwa jicho atasema robo ya kimo ni robo ya pipa, lita 54. Amekosea kwa karibu lita 12, zaidi ya nusu ya dumu la lita 20. Kwa mizani ya duara, robo ya kimo haifiki hata moja ya tano ya pipa. Sababu yake yaonekana kwa macho: chini pipa ni jembamba, na sentimita moja ya kimo inayopita karibu na sakafu hubeba mafuta kidogo kuliko ile inayopita tumboni.

Kosa hilo hugeuka upande mafuta yanapozidi nusu. Pipa lililojaa hadi robo tatu ya kimo limebaki na kipande kitupu juu, nacho ni kilekile cha digrii 120, lita 42.4 za hewa. Mafuta basi ni lita 174.5, wakati jicho linasema 163. Anayenunua pipa lililo chini ya nusu kwa makadirio ya kimo hulipia mafuta yasiyokuwapo, na anayeuza lililozidi nusu kwa makadirio hayohayo hutoa ya bure. Katikati kabisa jicho halikosei.

Kanuni yenyewe haihitaji kugeuzwa pipa linapovuka nusu. Pembe ya upande wa mafuta inakuwa 240, na sini yake ni hasi, −0.8660. Kutoa namba hasi ni kujumlisha, na hivyo pembetatu iliyokuwa ikiondolewa sasa inaongezwa juu ya sekta, kama inavyopaswa. Nusu ya 812.25 mara jumla ya 4.1888 na 0.8660 ni 2,053, nayo mara 85 ni lita 174.5, zilezile. Ugwe, kwa upande wake, haubadiliki hata kidogo, maana sini ya nusu ya 240 ni sini ya 120, nayo ni sawa na sini ya 60. Uso wa mafuta wenye upana wa sentimita 49.4 unaweza kuwa wa lita 42 au wa lita 174. Ndiyo maana anayepewa urefu wa ugwe na nusu kipenyo bila pembe hajapewa swali lililokamilika. Ni lazima aambiwe pia kitovu kiko upande gani wa ugwe.

Mahali ambapo kipande huwaudhi watu zaidi ni chini ya koki. Kizibo kiko karibu na ukingo, lakini hakiko kwenye ukingo wenyewe, na mafuta yaliyo chini ya mdomo wa tundu hayatoki. Mdomo huo ukiwa sentimita 5 juu ya sakafu ya pipa, pembe hupatikana kwa kurudi nyuma: nusu kipenyo kikitolewa kimo ni 23.5, kikigawanywa kwa 28.5 ni 0.8246, na pembe yenye kosini hiyo ni digrii 34.5. Hiyo ni nusu, kwa hiyo pembe ya kati ni takriban 69. Kanuni ya eneo hutoa sentimita za mraba 110, na ujazo wake ni lita 9.3. Mtu anayesubiri mpaka koki ikauke ndipo aseme pipa limekwisha, ameacha karibu nusu ya dumu la lita 20 ndani. Mafundi huinua kitako cha nyuma ili pipa liiname mbele, na huo ni ufumbuzi mzuri. Tena sehemu kubwa ya kinachobaki humo huwa maji na tope, hasa kwa dizeli, na si kila mtu angependa kiingie kwenye injini.

Kwa pipa moja hakuna haja ya kupiga hesabu kila asubuhi. Alama zikichorwa mara moja juu ya uso wake hutosha miaka mingi, na pembe chache zinazofahamika hutoa alama nzuri. Digrii 60 ni kimo cha sentimita 3.8 na lita 6.3. Digrii 90 ni kimo cha 8.3 na lita 19.7, karibu sawa na dumu moja. Digrii 120, kama ilivyokwisha kuonekana, ni kimo cha 14.25 na lita 42.4. Digrii 150 ni kimo cha 21.1 na lita 73, na digrii 180 ni nusu ya pipa, lita 108. Juu ya hapo kila alama ni pacha wa ile ya chini: kimo huhesabiwa kutoka juu, na lita hutolewa kwenye 217. Nafasi kati ya alama na alama hazilingani na lita nazo haziongezeki kwa usawa. Fundi anayegawa uso wa pipa kwa vipande sawa vya rula na kuandika lita kwa mfuatano sawa amechora kipimo cha pipa lililosimama juu ya pipa lililolala.

Makosa ya hesabu yenyewe ni machache na yanajulikana. La kwanza ni kusahau kugawa pembe kwa 2 katika kanuni ya ugwe, na hapa mfano wa digrii 120 ni mtego: sini ya 120 na sini ya 60 ni sawa, hivyo anayesahau kugawa hupata jibu sahihi, akaondoka akiamini njia yake. Mwalimu anayetunga swali la ugwe kwa pembe ya 120 amejinyima nafasi ya kuona nani hajaelewa. Pembe ya 180 humfichua papo hapo, kwa sababu ugwe wake ni kipenyo chenyewe, sentimita 57, na asiyegawa hupata sifuri. Pembe ya 60 nayo ni jaribio zuri: ugwe wake lazima uwe sawa na nusu kipenyo, kwa kuwa pembetatu inakuwa na pande tatu sawa.

La pili liko kwenye kikokotoo. Vikokotoo vingi vya shule vina hali tatu za pembe, ambazo kwenye kioo huonekana kama `DEG`, `RAD` na `GRAD`, au kwa herufi za kwanza tu. Anayeingiza digrii wakati kikokotoo kiko kwenye `RAD` hupata ugwe wa −17.4 kwa pembe ya 120, na urefu hasi hauhitaji mwalimu wa kuukataa. Hatari iko kwenye `GRAD`, hali isiyotumiwa na karibu mtu yeyote, inayogawa pembe mraba katika sehemu 100. Humo ugwe uleule hutoka 46.1, namba yenye sura ya ukweli kabisa, iliyopungua sentimita 3. Kabla ya kazi, sini ya 30 iulizwe: ikitoka 0.5, hali ni ya digrii.

La tatu ni kuingiza digrii kwenye kanuni fupi ya radiani. Tofauti ya 120 na 0.866 ikizidishwa kwa 406 hutoa zaidi ya sentimita za mraba 48,000, ilhali duara zima lina 2,552 tu. Kipande hakiwezi kulizidi duara lake. Aliyeingiza kipenyo mahali pa nusu kipenyo naye hupata eneo lililokuzwa mara nne, na kwa pembe ndogo linaweza kupita bila kushtukiwa. Ugwe wake ndio humsaliti, kwa kuwa huwa mara mbili ya kweli, na kwa pembe inayozidi 60 huwa mrefu kuliko kipenyo.

Kuna udhaifu mwingine usiotokana na kosa la mtu. Pembe ikiwa ndogo sana, radiani na sini yake hukaribia kuwa namba moja, na kutoa moja kutoka kwa nyingine hufuta tarakimu zote za maana. Kwa digrii 10, majedwali ya tarakimu nne hutoa 0.1745 na 0.1736, tofauti 0.0009, ilhali tofauti ya kweli ni 0.000885, kosa la karibu asilimia 2. Kwa digrii 5 majedwali huacha 0.0001 pekee, na kosa hufika asilimia 10. Hapo ni afadhali kuacha kanuni kamili na kuchukua theluthi mbili za ugwe mara kimo. Ni kadirio linalochukulia tao kuwa parabola, na kwa vipande vyembamba hukosea kidogo mno: kwa digrii 60 hupungua kwa asilimia moja na nusu tu. Kwa digrii 120 hupungua kwa asilimia 6, na si la kutumia tena.

Kwa upande wa vipimo vya mkono, pembe ndiyo inayohitaji uangalifu. Kosa la digrii 5 kwenye kipimapembe, likitokea pembe ikiwa 60, ni lita moja na nusu. Likitokea kwenye 120 ni lita 4.5, na kwenye nusu ya pipa ni lita 6, kwa sababu huko ugwe ni mpana na kila badiliko la usawa hubeba mafuta mengi. Kwa hiyo karibu na nusu ni bora kupima kimo kwa rula na kukokotoa pembe kutoka kwenye kosini kuliko kuisoma kwa kipimapembe kidogo cha plastiki.

Pipa lenyewe nalo si duara la kitabuni. Mwili wake una mikunjo ya kuuimarisha, nyuso zake hubonyea kidogo ndani au nje, na pipa lililoangushwa kutoka kwenye lori mara kadhaa limepoteza uduara wake. Likilala kwa mteremko, usawa wa mbele hautakuwa sawa na wa nyuma, na kanuni inataka ugwe uleule kwa urefu wote. Mteremko ukiwa mdogo, wastani wa vimo viwili, cha mbele na cha nyuma, hutoa jibu la kuridhisha, ila si pale mafuta yalipobaki kidogo kiasi kwamba ncha moja ya pipa imekauka. Namna rahisi ya kusahihisha yote kwa pamoja ni kumimina dumu moja moja la kipimo kinachojulikana kwenye pipa tupu lililolazwa mahali pake, na kutia alama baada ya kila dumu. Alama zitakuwa zimehesabu mikunjo, mabonyeo na mteremko, na kanuni itabaki na kazi ya kukagua: dumu la kwanza la lita 20 likiweka alama mbali na kimo cha sentimita 8 au 9, ama pipa limeinama ama dumu si la lita 20.

Matangi ya vituo vya mafuta yaliyofukiwa ardhini mara nyingi ni mitungi iliyolazwa vivyo hivyo, ila ni makubwa, na huko kijiti cha kupimia huenda pamoja na jedwali la tangi linalobadilisha kina kuwa lita. Hesabu ya kipande imo ndani ya jedwali hilo, imekwisha kufanywa kwa kila sentimita. Kwa biashara, vipimo viko chini ya Wakala wa Vipimo, na dizeli inayouzwa kwa lita hupimwa kwa chombo kilichohakikiwa na kupigwa muhuri. Alama za chaki kwenye pipa la Mitundu humjulisha mwenye pipa kimebaki kiasi gani, na hazichukui nafasi ya chombo hicho mbele ya mnunuzi.